Mtanashati

Sherehe ya baba kutimiza miaka 60 ilikuwa Jumamosi, na hadi Alhamisi usiku risala ilikuwa imekwama kwenye neno moja.

Dada Zuhura ndiye aliyeiandika. Kazi yangu ilikuwa kuisoma mbele ya watu, basi nikawa naijaribu kwa sauti sebuleni kwetu Buguruni, mama akichambua mchele jikoni. Mstari wa tatu: "Baba yetu ni mtanashati." Nikachukua kalamu, nikalikata neno.

"Umekata nini, Idi?"

"Dada, hili hapana. Mtanashati ni mwanamume mwenye sura nzuri. Watu wataangua kicheko."

Iliniuma kulisema. Shavu la kushoto la baba liliungua kwa tindikali ya betri akiwa kijana gereji, eneo la Gerezani; ngozi imejikunja hadi karibu na jicho. Nimeshasikia watoto wa mtaani wakimpachika jina baya. Sikutaka mimi mwanawe niwaongezee.

"Nani kakwambia mtanashati ni sura?"

"Kila mtu! Panda daladala usikilize."

"Hao wanaona shati limepigwa pasi, wanadhani wameona sura. Mtanashati ni mtu nadhifu. Hata mama ni mtanashati."

"Mwanamke? Sasa unatunga, dada."

Sauti zikapanda mpaka mama akatokeza, ungo mkononi. "Kamusi si iko juu ya kabati? Mnawapigia majirani kelele kwa neno lililoandikwa?"

Ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chapa ya 1981, kazi ya TUKI pale Mlimani. Ya kwetu imebanduka jalada. Nikakimbilia herufi T. Dada akanirudisha kwenye M, kwa kuwa humo nomino hupangwa pamoja na kiambishi chake. Kidole kikateremka: mtama, mtambo, mtanashati.

Uso haukutajwa. Mwanamume hakutajwa. Ni mtu apendaye usafi, aliye nadhifu, mmaridadi.

Nikanyamaza. Kila jioni baba akirudi, chakula hakigusi kwanza. Hukaa uani kwenye kigoda, akasugua kucha moja moja kwa sabuni ya unga na mswaki uliochakaa, mpaka weusi wa oili utoke. Asubuhi ni pasi ya mkaa: kola kwanza, kisha mikono, na kifungo cha juu hafungi mpaka ajitazame kiooni, uso huohuo, bila kugeuza shavu.

Dada hakunisimanga. Alinisogezea karatasi tu. Nikaliandika neno upya juu ya pale nilipolikata, kwa herufi kubwa.

"Haya, soma."

Nikasoma hadi mwisho. Kabla sijaikunja karatasi, sauti ikatoka uani:

"Idi! Mkaa wa pasi umebaki? Nataka kulinyoosha shati la Jumamosi."