Konseto: Mmoja Mbele ya Wengi

Konseto, muziki wa mpigaji mmoja pamoja na okestra, ni mazungumzo, na mara nyingine ni ubishi. Kwa mtunzi Vivaldi okestra hurudia kibwagizo, na mpiga fidla hupenya katikati kwa mbwembwe zake. Mozart alikoleza ubishi huo. Katika konseto yake ya piano ya Re ndogo (1785) okestra huanza kwa mnung'uniko mzito, kisha piano huingia peke yake na wimbo mwingine kabisa, kana kwamba haikusikia kitu.

Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza okestra husimama kwenye sauti isiyotulia. Hapo ndipo penye kadenza: mpigaji hubuni papo hapo, mpaka noti mbili jirani zipishane kwa kasi, ishara kwamba wenzake warudi. Kadenza za Mozart mwenyewe kwa konseto hiyo hazikubaki; Beethoven akaiandikia zake. Huyohuyo, katika konseto yake ya tano ya piano (1809), alimkataza mpigaji kubuni: apige yaliyoandikwa, basi. Uhuru ulianza kubanwa, na sidhani muziki ulipata hasara. Mendelssohn, katika konseto yake ya fidla (1844), aliisogeza kadenza mbele ya marejeo ya wimbo mkuu. Upinde unarukaruka juu ya nyuzi nne, okestra inauingiza wimbo taratibu chini yake, na fidla haikomi.