YAH: HOJA ZA UTAWALA ZILIZOIBULIWA KWENYE USAILI WA MKURUGENZI MTENDAJI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Nashukuru kwa usaili wa Jumanne hapa Dodoma. Uliniuliza kama mdogo wangu, mzabuni wenu wa vifaa vya shule, angenifunga mikono. Nilijibu kwa haraka mno, naomba nijibu vizuri.

Nikiteuliwa, nitalitamka hilo kwa maandishi kabla ya kusaini mkataba. Zabuni zake zisinifikie kabisa. Ziamuliwe na kamati ya fedha ya bodi, nami nitoke nje ya chumba. Mkiona bado haitoshi, yeye yuko tayari kujiondoa. Tumeshazungumza.

Mweka Hazina aliuliza kuhusu saini. Nilikotoka, niliwahi kukuta hundi tano zilizosainiwa kabla ya kujazwa, zimebanwa kwa klipu kwenye droo ya mhasibu. Hakuna aliyeiba, lakini siku hiyo sikulala. Tulizifuta zote asubuhi. Hivyo naomba saini ya pili iwe ya mjumbe wa bodi kwa malipo yote makubwa, na kiwango mkipange ninyi. Mkaguzi wa nje naye awaripotie ninyi moja kwa moja, kabla hesabu hazijapelekwa kwa Msajili wa NGOs kama Sheria Na. 24 ya 2002 inavyotaka.

Jambo moja sikubaliani nalo: wajumbe kuwaagiza maofisa miradi moja kwa moja. Maagizo yapitie kwangu, nami niwajibike kwenu.

Niko tayari kuitwa tena.

Wako mtiifu,
Neema