Maelezo ya picha za sabuni ya mwani, kwa mpiga picha wetu

Kaka, asalaam aleikum.

Uliniomba nikutumie ile picha ya wenzetu niliyoisifia. Nimeona nisiitume. Ukiiona utaniletea pacha wake, nami sitaki mteja aokote sabuni yangu dukani akidhani ni ya kwao. Nakueleza kwa maneno nilichokipenda. Jina lao halina kazi hapa.

Mwanga ni mmoja tu. Unatoka kushoto, nyuma kidogo ya sabuni, kama wa dirishani asubuhi. Kwa kuwa unapita ubavuni, kila chembe ya mwani na kila alama ya kisu inajitokeza. Unaiona sabuni kama umeishika. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote. Kivuli ni kirefu, kinaangukia kulia, kingo zake laini. Si cheusi tititi, nadhani waliweka karatasi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga.

Kamera iko juu ya meza kidogo tu, kama jicho la mtu aliyeketi. Sabuni imekaa chini pembeni, na zaidi ya nusu ya picha ni ukuta mtupu uliofifia. Rangi ni chache, zimepoa, hakuna inayopiga kelele.

Basi, ni hayo tu. Wana kijani chao, sahani ya shaba, uzi mwekundu kwenye karatasi, na vipande vitatu vilivyopandana. Hivyo tusiviguse hata kimoja. Havina nembo juu yake, lakini wateja wao wanavijua hata ukiziba jina kwa kidole. Maandishi juu ya picha pia sitaki, maana hata mwandiko wao unatambulika.

Sisi tuna ukuta wa chokaa wa nyumba ya mama hapa Paje, ule uliochubuka, na kwenye dirisha lake jua haliingii moja kwa moja. Chini tuweke mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Kipande kimoja tu, na mwani mkavu kiasi cha vidole viwili. Ile ya karafuu ipate karafuu zake tano sita, zisizidi, isije ikawa picha ya pilau.

Angalizo: sabuni zetu zina gliserini, na kwa unyevu wa huku pwani hutoka jasho. Nitazileta zimefungwa, uzifute kwa kitambaa kikavu kila kabla ya kupiga, la sivyo zitang'aa kama plastiki. Na chokaa kwenye kamera yako mara ya mwisho kilitoka na ubuluu. Tafadhali rekebisha weupe kwanza.

Nahitaji picha sita, nne za wima na mbili za mraba. Jumamosi saa 2 asubuhi, mama atakuwa ameshafungua mlango.