Bango la kuki na ukurasa wa faragha wa tovuti ya bei za unga, Lubumbashi

[Bango: linaonekana chini ya skrini, mara ya kwanza unapofungua tovuti]

Jambo! Tukuhesabu ao tusikuhesabu?

Tunapenda kujua ni kurasa gani za bei zinasomwa na zipi zinalala bure. Kwa kazi hiyo tunatumia Google Analytics, ambayo inaweka kuki, yaani faili dogo la maandishi, ndani ya simu yako. Haijawekwa bado. Itawekwa ukikubali tu. Ukikataa, bei zote utaziona vilevile, bila kupungukiwa kitu.

[ Kubali ]  [ Kataa ]

Soma kwanza ukurasa wa faragha

[Ukigusa Kubali] Aksanti. Ukibadilisha mawazo, gusa "Chaguo langu la kuki" chini ya kila ukurasa.

[Ukigusa Kataa] Tumesikia. Hatutakuuliza tena kwa siku 180.

---

Ukurasa wa faragha

Sisi ni watu watatu, tunakaa Katuba, na tunaandika bei za unga wa mahindi, makala na mafuta katika masoko ya Lubumbashi: Kenya, Katuba, Ruashi na mengine. Hatuuzi unga. Hatuna matangazo. Ukurasa huu unaeleza tunachojua juu yako unapotutembelea na tunachokifanya nacho. Tumeuandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho lugha ya watu wanaotusoma. Kumuomba mtu ridhaa kwa Kifaransa cha mawakili, ambacho hata sisi tunakisoma mara mbili, tuliona si kumuomba.

Kuki tunazoziweka

Ni tatu, na moja tu ndiyo inawekwa bila kukuuliza.

Hiyo moja inaitwa `ridhaa`. Ndani yake kuna neno moja, "ndiyo" ao "hapana", basi. Bila hiyo tungesahau jibu lako na bango lingerudi kila unapofungua ukurasa. Inadumu siku 180, kisha tunauliza upya. Kama unatumia aifoni, bango litarudi mapema zaidi: Safari, kivinjari chake, inafuta baada ya siku 7 kuki zilizowekwa na skripti, yaani kodi inayofanya kazi ndani ya ukurasa, na yetu ni mojawapo. Si kwamba tunakusumbua makusudi.

Nyingine mbili ni za Google Analytics: `_ga`, na nyingine inayoanza na `_ga_` ikifuatwa na kodi ya tovuti yetu. Ya kwanza inatambua kwamba simu iliyokuja leo ndiyo ileile iliyokuja Jumanne. Ya pili inashika hali ya matembezi yenyewe, yalianza lini na yanaendelea ao yamekwisha. Ukiifungua `_ga` utakuta kitu kama hiki:

```
GA1.1.1842069137.1741003200
```

Namba ya katikati imetungwa kwa bahati, haitoki kwenye namba yako ya simu wala jina lako. Ya mwisho ni saa ya ziara yako ya kwanza, imehesabiwa kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Mfano huu unasomeka 3 Machi 2025, saa nane mchana ya Lubumbashi. Hakuna jina humo, lakini hatutasema "haina kitu": namba inayokufuata siku baada ya siku ni alama yako, hata kama haikuiti kwa jina.

Google wenyewe huzipa kuki hizi miaka 2. Tuliona ni nyingi kwa tovuti ya bei za unga, tukapunguza. Haya ndiyo mapangilio yetu, mwenye kujua kusoma skripti atayakuta yaleyale ndani ya ukurasa:

```
cookie_expires: 15552000,
cookie_update: false,
allow_google_signals: false,
allow_ad_personalization_signals: false
```

Mstari wa kwanza ni siku 180 kwa sekunde. Wa pili unazuia siku hizo zisianze upya kila ukirudi. Miwili ya mwisho inamaanisha kwamba ziara yako hapa haiunganishwi na akaunti yako ya Google wala haitumiki kukuchagulia matangazo.

Google inapata nini ukikubali

Ukurasa uliofungua na saa, ulitokea wapi (mara nyingi ni kiungo mtu alichotuma kwenye WhatsApp), aina ya simu na kivinjari, lugha ya simu, na mji kwa kukadiria. Mji unakadiriwa kutoka kwenye anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni, na Google Analytics ya sasa haihifadhi anwani hiyo baada ya kukadiria. Makadirio yenyewe usiyaamini sana: mmoja wetu alikuwa amekaa Katuba, simu mkononi, ripoti ikamweka Kinshasa.

Taarifa hizi zinakwenda kwenye seva za Google nje ya Kongo, Marekani na kwingineko. Tumechagua muda mfupi kabisa wanaoruhusu kwa taarifa za mtumiaji mmoja mmoja, miezi 2. Jumla zisizo na alama ya mtu, kwa mfano "ukurasa wa Ruashi ulifunguliwa mara ngapi mwezi wa Januari", zinabaki zaidi ya hapo.

Kwa nini tunazitaka? Kwa sababu mbili tunazoweza kuzionyesha. Tulijua kwamba karibu wote wanaingia kwa simu ndogo, tukaondoa picha kubwa zilizokuwa zinakula mega za watu bure. Na tuliona kwamba wakati unga wa kutoka Zambia unakwama Kasumbalesa, watu hawatafuti habari ya mpaka, wanafungua moja kwa moja bei ya mfuko wa kilo 25. Sasa bei hiyo iko juu kabisa.

Ukikataa

Skripti ya Google haipakuliwi kabisa. Tunalisema wazi kwa sababu kuna njia nyingine, halali kwa mapangilio ya Google, ambapo skripti inapakuliwa hata kwa aliyekataa na inatuma ishara fupi bila kuki. Wengi wanaitumia ili wasipoteze hesabu. Sisi tuliona mtu akisema hapana, hapana yake isitumiwe hata kwa ishara fupi. Isitoshe, skripti hiyo ni nzito kuliko ukurasa wetu wa bei, na mega ni zako.

Kukaa kimya pia ni kukataa. Ukisoma ukurasa wote bila kugusa bango, hatuhesabu. Kusogeza skrini chini si kukubali.

Kosa letu

Tovuti ilipoanza, bango lilikuwepo lakini skripti ilikuwa inapakuliwa kabla mtu hajajibu. Aliyegusa Kataa alikuwa ameshahesabiwa. Haikuwa ujanja, tulinakili kipande cha kodi bila kukielewa, lakini kwa msomaji tofauti haipo. Msomaji mmoja wa Likasi ndiye aliyetuonyesha. Tumerekebisha, na hesabu zote za kipindi hicho tumezifuta, hata zile zilizokuwa zinatupendeza.

Simu moja, watu wanne

Hapa kwetu simu ya nyumbani mara nyingi ni ya wote. Mtoto anaitumia kwa masomo, mama kwa bei, mjomba akija anaishika pia. Kuki haijui hayo: inaona simu, haioni mtu. Kwa hiyo aliyegusa Kubali asubuhi amekubali kwa niaba ya wote watakaoishika hadi jioni. Hatuna dawa kamili ya jambo hili. Tulichofanya ni kuweka "Chaguo langu la kuki" chini ya kila ukurasa, lisifichwe ndani ya menyu, ili wa pili aweze kubadilisha jibu la wa kwanza. Ukibadilisha kuwa Kataa, tunafuta `_ga` na `_ga_` papo hapo.

Ukiwa siber, kataa tu. Mashine si yako na hesabu yake haitatusaidia chochote.

Mama wanaotutumia bei

Hili halihusu kuki, lakini ndilo lenye uzito kuliko yote. Bei zinatoka kwa wauzaji wanaotuandikia ujumbe kila asubuhi. Muuzaji anayesema wazi bei aliyonunulia kwa mkubwa wake anaweza kunyimwa mzigo kesho yake. Kwa hiyo namba zao ziko katika simu moja tu, ya mmoja wetu, yenye kodi ya kuifungua. Haziko kwenye tovuti, haziko kwenye seva, haziingii Google Analytics. Bei tunazotangaza ni za soko zima, hatutaji meza wala safu. Soko likiwa na muuzaji mmoja tu aliyeandika siku hiyo, hatutangazi bei yake peke yake, tunasubiri wa pili. Ndiyo maana siku nyingine Ruashi inaonekana tupu.

Mama akitaka tumfute, tunafuta namba na ujumbe wote siku hiyohiyo.

Daftari la seva

Karibu kila seva duniani ina daftari: anwani ya IP, saa, ukurasa ulioombwa, aina ya kivinjari. Yetu pia. Halitumii kuki na linaandika hata kwa aliyekataa, kwa kuwa bila hilo hatuwezi kujua tovuti imeanguka kwa nini ao nani anajaribu kuivunja. Linafutwa lenyewe baada ya siku 14. Hatulichanganyi na hesabu za Google.

Fomu ya "Tuandikie"

Tunapata ulichoandika na njia ya kukujibu uliyoiweka mwenyewe. Jina si lazima. Tunafuta baada ya mazungumzo kwisha.

Haki zako

Kodi ya dijitali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaani ordonansi-sheria nambari 23/010 ya 13 Machi 2023, inalinda taarifa za mtu binafsi. Unaweza kutuuliza tuna nini juu yako, kutaka kirekebishwe, kifutwe, ao tuache kukitumia. Tuna wasomaji pia Ubelgiji, watoto wa hapa wanaotaka kujua nyumbani wanakula kwa bei gani. Kwao sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inadai yaleyale. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2019 kwamba kisanduku kilichotiwa alama tayari si ridhaa. Kwetu hakuna kisanduku cha namna hiyo, na vitufe viwili vya bango vina ukubwa mmoja na rangi moja.

Tatizo moja: ukituomba tufute hesabu zako za Google Analytics, hatuwezi kujua zipi ni zako kwa sababu hatuna jina lako. Tutumie namba iliyo ndani ya `_ga` yako, tutaitafuta kwa hiyo. Kama umeshaifuta, basi hata sisi hatuwezi tena kukufikia kati ya wengine.

Maombi yote yapitie fomu ya "Tuandikie". Mmoja wetu watatu anajibu, kwa kawaida ndani ya siku 5. Umeme ukikatika, tuhesabie 7.

Tukibadilisha

Tukiongeza chombo kingine cha kuhesabu, bango litarudi kwa wote, hata kwa waliokwisha kukubali, kwa sababu walikubali hiki na si kile. Tukirekebisha maneno tu, tunabadilisha tarehe iliyo hapa chini.

Imebadilishwa mara ya mwisho: 3 Machi 2025.

[ Chaguo langu la kuki ]  [ Tuandikie ]  [ Rudi kwenye bei ]