Muhtasari wa Rogito kwa Mnunuzi: Nyumba ya Barriera di Milano, Torino

Dada, karatasi hizi ni muhtasari wa hati ya mauzo utakayotia saini mbele ya notari Jumatano, 18 Machi 2026. Waitaliano huiita rogito. Nimefuata mpangilio wa hati yenyewe ili siku ile, notari akisoma, ujue amefika wapi. Majina, tarehe za kuzaliwa na anwani zipo ukurasa wa kwanza wa rasimu. Hapa nimeyaacha, maana karatasi kama hii hupita mikononi mwa wengi. Inayofunga kisheria ni hati ya Kiitaliano, si muhtasari huu.

Notari wa Italia si kama yule wakili wa nyumbani anayegonga muhuri kwenye kiapo. Ni ofisa wa umma. Hamtetei muuzaji wala mnunuzi, na kwa sheria ya notari ya 1913 anapaswa kuhakikisha kwamba yaliyoandikwa ndiyo mapenzi yenu kweli, kisha kuwasomea hati. Ulimwambia unakielewa Kiitaliano, ndiyo maana hakuna mkalimani aliyeapishwa. Lakini Kiitaliano cha kazini na cha sokoni si Kiitaliano cha hati. Ukikuta sentensi isiyokuingia, inua mkono, mwambie asimame aeleze. Usione haya kabisa. Na kama katika kusoma muhtasari huu utaona lugha ya hati bado ni nzito, mwambie notari kabla ya siku yenyewe, ili mkalimani apatikane kwa utaratibu wa sheria.

Waliofika mbele ya notari

Wauzaji ni ndugu wawili, kaka na dada, kila mmoja mwenye nusu. Mnunuzi ni wewe, raia wa Tanzania. Hati inataja kibali chako cha ukaazi cha muda mrefu kwa sababu mgeni asiyetoka Umoja wa Ulaya akiishi Italia kihalali kwa kibali cha namna hiyo, hakuna haja ya kuchunguza kama Mtaliano naye angeruhusiwa kununua nyumba Tanzania. Uje na kibali chenyewe, si picha ya kwenye simu. Umeandikwa hujaolewa, nyumba inaingia kwako peke yako.

Kinachouzwa

Nyumba ya kuishi yenye ukumbi, vyumba viwili, jiko, bafu na roshani inayotazama uani, pamoja na stoo namba 7 chini ya jengo. Utaona imeandikwa ghorofa ya tatu, halafu "ya nne juu ya ardhi". Si kosa. Torino wamezoea kuandika hivyo, kwa kuwa ghorofa ya chini nayo huhesabiwa juu ya ardhi. Kisha zinafuata namba za katasto, yaani daftari la serikali la majengo: karatasi, kiwanja, kipande, kundi A/3, na kipato cha katasto euro 480. Shika hiyo 480, kodi yako inatoka hapo.

Nyumba inauzwa "kwa umbo, si kwa kipimo". Maana yake unanunua nyumba kama ilivyo na kama ulivyoiona. Baadaye ukipima ukakuta imepungua mita mbili au tatu, bei haishuki. Sheria inaruhusu marekebisho pale tu tofauti inapozidi sehemu moja ya ishirini. Pamoja na nyumba unapata sehemu yako ya vitu vya pamoja: paa, ngazi, lifti, mlango mkuu na mabomba makuu.

Ramani na ujenzi

Hapa naomba usome mara mbili. Tangu 2010, hati ya kuuza nyumba isiyokuwa na tamko kwamba ramani ya katasto inalingana na nyumba ilivyo ni batili. Wauzaji wanatoa tamko hilo, ramani inaambatishwa, na wote mnaisaini. Kabla ya kuisaini, iweke mbele yako ukumbuke nyumba uliyoitembelea. Kile chumba kidogo kando ya jiko hakikuwapo zamani. Ukuta uligawanya ukumbi mwaka 2014. Hati inataja taarifa ya ujenzi iliyopelekwa manispaa mwaka huo, na ramani mpya inakionyesha. Nimelinganisha rasimu na ramani: kipo.

Kuhusu jengo zima, wauzaji wanatamka kwamba ujenzi ulianza kabla ya 1 Septemba 1967. Tarehe hiyo utaikuta katika hati nyingi za nyumba za zamani. Kwa jengo lililoanza kabla yake sheria inaridhika na tamko. Kwa lililoanza baadaye, lazima hati itaje kibali cha ujenzi. Lakini tamko peke yake halimaanishi kila tofali ni halali, ndiyo maana nilikusihi umlipe fundi wako apitie jalada la manispaa. Ripoti yake uliniletea na haina doa.

Nyumba ilitoka wapi

Wauzaji waliirithi kwa mama yao aliyefariki 2023. Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi. Tamko la mirathi lililopelekwa Wakala wa Mapato ni kwa ajili ya kodi tu. Halionyeshi kwamba watoto wameukubali urithi. Kwa kuuza, wanakuwa wameukubali kwa vitendo, na kukubali huko lazima kuandikwe kwenye rejista ya ardhi ili mlolongo wa wamiliki usikatike kati ya mama na wewe. Notari ataandikisha. Gharama yake wanalipa wauzaji, na imeandikwa hivyo.

Bei na jinsi ilivyolipwa

Bei ni euro 92,000. Sheria inataka kila senti ionyeshe njia iliyopitia. Euro 10,000 ulizilipa kwa uhamisho wa benki mlipoandikiana mkataba wa awali Novemba 2025, nazo ni arubuni: ungejitoa wewe, wangebaki nazo, wangejitoa wao, wangekurudishia maradufu. Sasa zinaingia kwenye bei. Euro 82,000 zilizobaki zinalipwa siku hiyo kwa hundi za benki, 60,000 zikitoka kwenye mkopo wako na 22,000 kwenye akiba yako. Hundi moja ya 14,300 inakwenda benki iliyomkopesha marehemu mama, na mbili za 33,850 kwa kila ndugu. Namba za hundi zitaandikwa ndani ya hati, kwa hiyo zilinganishe na ulizoshika mkononi.

Ulikuwa na haki ya kuomba pesa zikae kwenye akaunti maalumu ya notari hadi usajili ukamilike. Uliamua usiombe, na hati inasema hivyo. Bado unaweza kubadili mawazo kabla ya saini. Mimi, kwa nyumba yenye rehani ya zamani, ningeomba.

Mnatamka pia kama mlimtumia dalali, jina la kampuni yake, namba yake ya usajili na kiasi mlichomlipa. Sema kweli tupu. Tamko la uongo hapa lina faini ya euro 500 hadi 10,000.

Rehani ya zamani

Wauzaji wanahakikisha nyumba haina deni, kesi wala mtu mwingine anayeidai, isipokuwa rehani iliyowekwa 2008. Mwakilishi wa benki ile anapokea hundi ya 14,300 na kutoa karatasi kwamba deni limekwisha. Kisha benki ina siku 30 za kuarifu ofisi ya rejista ili rehani ifutwe bila kuhitaji hati nyingine. Weka alama kwenye kalenda. Baada ya miezi miwili muulize notari akuonyeshe kwamba imefutwa.

Kwa upande wao, wauzaji wanaiacha haki ya kuweka rehani ya kisheria juu ya nyumba kwa ajili ya bei. Wanaiacha kwa sababu wamelipwa yote. Mkopo wako mpya una hati yake, utakayoisaini meza hiyo hiyo mara baada ya hii.

Yale unayotamka wewe: nyumba ya kwanza

Sehemu nyingi za hati ni maneno ya wauzaji. Hii ni yako. Unatamka kwamba utahamishia ukaazi wako Torino ndani ya miezi 18, kwamba huna nyumba nyingine ndani ya manispaa hiyo, na kwamba huna popote Italia nyumba uliyonunua kwa nafuu hii ya kodi ya nyumba ya kwanza. Unaomba pia kodi ihesabiwe kwa thamani ya katasto, si kwa bei. Hesabu ni hii: 480 mara 115.5 ni euro 55,440. Asilimia 2 yake ni 1,108.80. Zinatolewa 50 ulizokwisha lipa kwa ajili ya arubuni, zinaongezwa 50 za kodi ya rehani na 50 za kodi ya katasto. Notari ndiye anayekukata na kuipeleka serikalini.

Sasa hivi bado umeandikishwa Moncalieri, manispaa nyingine jirani na Torino, kwa hiyo ile miezi 18 inakuhusu kweli. Ukiipitisha, au ukiuza nyumba kabla ya miaka 5 bila kununua nyingine ya kuishi ndani ya mwaka mmoja, nafuu inaondoka. Utadaiwa tofauti ya kodi, zaidi ya euro 4,300 kwa nyumba hii, na juu yake faini ya asilimia 30 pamoja na riba. Nenda ofisi ya ukaazi ya manispaa wiki ile ile utakayopewa funguo.

Yaliyobaki

Unatamka umepokea cheti cha nishati cha nyumba. Umeme na gesi: wauzaji wanasema vinafanya kazi lakini hawana vyeti vya mafundi, nawe unakubali. Hilo mlikwisha lijadili kwenye bei.

Kuhusu jengo, kazi ya kukarabati uso wa mbele iliyopitishwa na mkutano wa wamiliki kabla ya saini italipwa na wauzaji. Hayo ni makubaliano baina yenu tu. Kisheria, msimamizi wa jengo anaweza kukudai wewe pia michango ya mwaka huu na mwaka uliotangulia, kwa hiyo barua yake ya kwamba hakuna deni itaambatishwa. Nimeiona, imeandikwa Februari.

Gharama za hati ni zako, kama kawaida ya sheria. Umiliki unapita pale mnapokubaliana kwa saini, na funguo unapewa hapo hapo. Notari ana siku 30 kusajili na kuandikisha, ingawa wengi huandikisha ndani ya siku chache, na ni vizuri, kwani anayeandikishwa kwanza ndiye anayelindwa.

Mwisho notari anaandika saa, idadi ya kurasa, na kwamba amewasomea nanyi mmethibitisha. Wote mnasaini mwishoni na pembeni mwa karatasi za katikati, pamoja na ramani. Saini yako iwe jina kamili, linalosomeka, kama lilivyo kwenye pasipoti.