Wimbo wa Saba: Kuku, Bata na Teksi ya Mbale

Wimbo wa kujifunza kuzidisha kwa saba, wa darasa la nne, kwa madarasa ya Busia upande wa Uganda. Kiongozi (K) anaimba mistari miwili, wote (W) wanajibu miwili. Kila mstari una silabi nane na makofi manne: kofi kwenye silabi ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Jerikeni tupu iliyopinduliwa yatosha kuwa ngoma. Jibu ndilo lenye kina, kwa hiyo kiongozi asilitamke; akilitamka, darasa litamfuata yeye badala ya kukumbuka.

Kiitikio (wote, baada ya kila beti tatu)
Panda saba, panda saba,
usiruke, utakwama;
ukiteleza, simama,
anza upya, si lawama.

1. K: Netiboli uwanjani,
timu moja siyo haba.
W: Saba mara moja ndiyo,
jibu lake bado saba.

2. K: Teksi ya kwenda Mbale,
wapange ndani, uone.
W: Saba mara mbili ndiyo,
jibu ni kumi na nne.

3. K: Kuku ameatamia,
kifaranga chaja, chaja.
W: Saba mara tatu, siku
ni ishirini na moja.

4. K: Bata mzinga kalala,
ngojeni, msigombane.
W: Saba mara nne, siku
ni ishirini na nane.

5. K: Bata wetu wa kijiji
huwa wa mwisho shindano.
W: Saba mara tano, siku
ni thelathini na tano.

6. K: Kuku wa nyama sokoni,
amenona, yu kamili.
W: Saba mara sita, siku
arobaini na mbili.

7. K: Safu saba, miche saba,
kandokando ya kanisa.
W: Saba mara saba, miche
arobaini na tisa.

8. K: Tano, sita, saba, nane,
zimepita, zimepita.
W: Saba mara nane, jibu
ni hamsini na sita.

9. K: Mbwa wetu ana mimba,
asichokozwe na watu.
W: Saba mara tisa, siku
zote sitini na tatu.

10. K: Kumi hubeba sufuri,
huiweka mgongoni.
W: Saba mara kumi ndiyo,
jibu rahisi, sabini.

11. K: Waswa na Kato mapacha,
wamefanana na baba.
W: Saba mara kumi na moja,
jibu sabini na saba.

12. K: Weka sabini kapuni,
ongeza kumi na nne.
W: Saba mara kumi na mbili
ni themanini na nne.

Ubeti wa 11 na wa 12 una silabi moja ya ziada. "Kumi na" isemwe haraka ndani ya kofi moja. Msichana akiongoza ubeti wa 11 aimbe "Babirye naye Nakato". Teksi ina abiria 14 kwa sheria, na mtoto akisema huwa wanapakia zaidi, ana haki, lakini wimbo unafuata sheria. Kuku huangua kwa siku 21, bata mzinga (sekoko kwa Waganda) 28, bata wa kijijini 35. Mimba ya mbwa hukaribia siku 63, si lazima iwe hivyo hasa. Kuku wa nyama wengi huuzwa wakiwa na majuma sita.

Ubeti wa 8 ndio unaoangusha wengi. Mtoto akisikia "nane" ulimi humkimbilia "ishirini na nane", kwa sababu ubeti wa 4 unaishia hapo. Andika ubaoni 5 6 7 8, kisha 56 = 7 × 8: tarakimu nne zimejipanga zenyewe. Imba ubeti huo mara tatu, na mara ya tatu makofi peke yake kwa kiongozi, darasa lijibu.

Kosa jingine ni "thelathini" na "themanini" kubadilishana, maana zinaanza sawa na kuishia sawa. Katika ubeti wa 5 wanyanyue vidole vitatu, katika wa 12 vidole vinane, kabla ya kutamka.

Siku ya kwanza imbeni beti tatu tu, ya pili hadi wa 6, ya tatu hadi wa 9, ya nne zote. Juma la pili kiongozi aache mpangilio: aanze na wa 7, arukie wa 3, kisha wa 9. Darasa likinyamaza likianza kunong'ona kutoka ubeti wa kwanza, limekariri wimbo, hesabu bado. Punguzeni hadi beti nne na mzichanganye. Mwisho geuzeni maneno: "Nane mara saba" na jibu lilelile.