Namba 87

Jamani, leo nimeshinda kwenye foleni ya ofisi ya serikali, na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine ila kutazama. Nimeona mambo!

Namba yangu 87. Ukutani inawaka 31. Na ile foleni haisimami, inakaa: viti vya plastiki, mstari mrefu. Akiitwa wa mbele, sote tunanyanyuka, tunasogea kiti kimoja, tunakaa. Tumetulia kidogo, tunanyanyuka tena! Na kila kiti unachohamia kina joto la mwenzio. Mzee aliyekuwa mbele yangu simjui jina, simjui kwao, lakini joto lake nimelirithi mara 55.

Halafu kalamu. Imefungwa kwenye kaunta kwa kamba, fundo 3. Urefu wa kamba, shibiri moja. Jina lako unaliandika vizuri, la baba linaingia, ukifika la babu kamba imeisha! Mama mmoja akaiacha kalamu palepale, akawa anaivuta fomu chini yake, taratibu, mkono huu unasukuma, huu unapokea. Anashona! Huyu mama anapiga cherehani, na babu yake akatokea kwenye karatasi herufi baada ya herufi.

Njoo dirishani. Kioo kizima, tundu moja tu, nalo liko usawa wa kiuno. Mtu mzima na suti yake anainama aseme na tundu. Karani hasikii, naye anainama, anatega sikio. Yule wa nje anadhani anajibiwa, anatega sikio. Sasa masikio mawili yanatazamana. Kimya. Nani anasema?

Na yuko yule bwana asiyepanga foleni. Anapita kando, mkono kifuani: “Samahani jamani, mimi nauliza tu.” Swali lake lina bahasha. Lina picha 2 za pasipoti. Aliuliza, akauliza, mpaka swali likapigwa muhuri!

Lakini kilichonifurahisha kuliko vyote ni mkoba. Mkoba mweusi, umeachwa kwenye kiti kushika nafasi. Tukinyanyuka, jirani anaunyanyua. Tukikaa, anaukalisha. Hakuna aliyethubutu kuuruka, mkoba una namba yake! Ukafika mbele kabla ya mwenyewe. Karani akauliza, “Mwenye mkoba yuko wapi?” Watu 20 kwa sauti moja: “Ameenda kutoa kopi!” Bibi mmoja akaongeza, “Ya cheti cha kuzaliwa. Mbele na nyuma.” Asubuhi hatukuwa tunajuana hata mmoja. Sasa tunamjua mtu hadi upande wa nyuma wa cheti.

Ikawaka 87. Nikasimama, miguu imekufa ganzi, nikakusanya karatasi zangu zote. Dada aliyekuwa nyuma yangu akaweka mkono wake juu ya kiti changu, kwa upole kabisa, akaniambia:

“Nenda kaka, wala usiwe na wasiwasi. Nakushikia nafasi.”